Jina Langu, Miamala ya Mwingine

Mwanachama wa sacco anafungua taarifa ya akaunti yake kwenye simu. Juu ya ukurasa pana jina lake na salio lake, lakini miamala iliyoorodheshwa chini haijui hata mmoja: marejesho ya mkopo ambao hakuomba na hisa ambazo hakununua. Anaupakia ukurasa upya, na kila kitu kinakaa sawa. Ofisini wanatazama hifadhidata na kukuta rekodi zake zote ni sahihi, hivyo wanamjibu kwamba huenda alichanganya macho. Hakuchanganya. Alionyeshwa siri za mtu mwingine, na kosa lililosababisha hayo linaweza kuwa neno moja tu katika programu: `static`.

Programu ya wavuti haiwashwi upya kila mtu anapoifungua. Iliyoandikwa kwa C# au Java huwashwa mara moja kwenye seva, ikakaa ndani ya kumbukumbu siku nyingi, ikipokea maombi ya watu wote. Kila ombi hukabidhiwa uzi wake wa utekelezaji, na nyuzi hizo hufanya kazi sambamba. Data ambayo ombi limeitunza ndani ya uzi wake ni yake peke yake. Kigeu kilichoandikiwa `static` ni jambo jingine: kipo kimoja kwa programu nzima, na kila uzi unakisoma na kukiandika palepale. Ni kama ubao mmoja uliotundikwa ofisini, ambapo kila karani anafuta namba ya mwenzake na kuandika ya mteja wake.

Tuchukue programu ya sacco hiyo. Mwandishi wake alihitaji namba ya mwanachama katika sehemu nyingi za kazi, akachoka kuipitisha mkono kwa mkono, akaiweka mahali ambapo kila sehemu ingeifikia:

```csharp
public static class Mteja
{
    public static int Namba;
}

Mteja.Namba = SomaNamba(User);
var akaunti = TafutaAkaunti(Mteja.Namba);
var miamala = TafutaMiamala(Mteja.Namba);
```

Ukisoma mistari hii huku ukimfikiria mtumiaji mmoja, haina dosari. Sasa walete wawili. Mwanachama 1147 anabonyeza kitufe, na namba yake inaandikwa. Seva inakwenda kwenye hifadhidata kutafuta akaunti, safari ya milisekunde 40. Katika milisekunde ya 25, ombi la mwanachama 2203 linafika na kuandika 2203 palepale. Jibu la kwanza linarudi kwenye milisekunde ya 40 likiwa na jina na salio la 1147, kwa kuwa swali lake liliondoka mapema. Kisha mstari wa mwisho unasoma namba upya ili kutafuta miamala, unakuta 2203, na unaleta miamala ya mtu mwingine. Ndiyo maana ukurasa ulikuwa nusu kwa nusu. Mwanachama 2203 mwenyewe alipata taarifa yake kamili, hakushtuka, na hajui kwamba kuna aliyeiona.

Kosa hili hujificha kwa sababu ya hesabu. Dirisha lililo wazi ni la milisekunde 40. Sacco ikipokea ombi moja kwa dakika, uwezekano wa ombi jingine kuingia ndani ya dirisha hilo ni kama mara moja katika 1,500. Mwandishi anayejaribu kazi yake peke yake mezani hatalikuta kamwe. Lakini siku ya gawio, maombi yakifika 20 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya maombi yatavamiwa. Kwa hiyo malalamiko yakija siku za msongamano pekee, kisha yakatoweka, mimi sianzi kushuku mtandao wala simu za wateja. Natafuta kitu kinachoshirikiwa kwenye kumbukumbu.

Kulithibitisha hakuhitaji msongamano. Unapanua dirisha kwa makusudi: kwenye nakala ya majaribio, weka `Thread.Sleep(5000)` kati ya mstari wa akaunti na ule wa miamala, fungua vivinjari viwili kwa akaunti mbili tofauti, bonyeza kwenye kimoja kisha kingine kabla ya sekunde 5 kuisha. Kosa lililosumbua miezi litajitokeza mara ya kwanza.

Wengi wakishaliona hukimbilia kufuli, yaani `lock`. Kufunga kila mstari peke yake hakusaidii, kwa kuwa mwingine ataingia kati ya mstari na mstari. Kufunga kazi yote kunazuia mchanganyiko, lakini watu wote wanapanga foleni moja. Kazi ya milisekunde 80 itahudumia maombi 12 tu kwa sekunde. Wengine huweka `[ThreadStatic]` ili kila uzi uwe na nakala yake. Huo ni mtego, maana seva hutumia uzi uleule kuhudumia mtu mwingine baadaye, na baada ya `await` kazi inaweza kuendelea kwenye uzi tofauti kabisa.

Dawa ni ile kazi ndogo aliyoikwepa mwandishi, ya kupitisha namba kwa kila sehemu inayoihitaji:

```csharp
int namba = SomaNamba(User);
var akaunti = TafutaAkaunti(namba);
var miamala = TafutaMiamala(namba);
```

Kama lazima kitu kifikiwe na sehemu nyingi katika ombi moja, ASP.NET ina `HttpContext.Items`, ambayo huzaliwa na ombi na kufa nalo. Neno `static` lenyewe halina ubaya kwa vitu visivyobadilika na visivyo vya mtu, kama jina la sacco. Lakini `static readonly` isikutulize upesi: inazuia kigeu kuelekezwa kwenye orodha nyingine, haizuii yaliyomo ndani ya orodha kubadilishwa.

Walioanzia PHP huingia kwenye shimo hili kirahisi, kwa kuwa katika mpangilio wake wa kawaida kila ombi huanza na vigeu vipya, na tabia iliyokuwa salama kule inakuwa hatari huku. Wala si kosa la wachanga. Tarehe 8 Machi 2021, GitHub, huduma ambamo waandishi wa programu duniani kote hutunza kazi zao, iliwatoa watumiaji wote kwenye akaunti zao ili waingie upya. Programu yao ni ya Ruby, na chanzo hakikuwa neno `static`, bali jamii ileile: kitu kimoja kwenye kumbukumbu kilitumiwa tena kwa ombi lililofuata huku uzi wa pembeni ukiwa bado umekishika. Kwa nadra sana, chini ya asilimia 0.001 ya vipindi vya watumiaji, mtu alijikuta ndani ya akaunti ya mwingine.

Sacco yetu inabaki na kazi nzito kuliko kurekebisha mistari mitatu. Kurasa zilizosomwa vibaya zimekwisha kusomwa. Na kama kigeu kilekile kilitumika kuandika, kwa mfano kupokea rejesho la mkopo, basi pesa ya mmoja imeingia kwenye hesabu ya mwingine, na hakuna kupakia upya kutakakoirudisha. Inabidi kuchukua kumbukumbu za seva, kutafuta maombi yaliyopishana kwa muda, kisha kulinganisha kila rejesho na stakabadhi ya malipo ya simu. Ikiwa sacco hiyo iko Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa saa 72 tangu ilipofahamu kumjulisha Kamishna wa Data iwapo uvujaji huo una hatari ya kweli ya kumdhuru mhusika, na wahusika wenyewe nao waandikiwe. Mwanachama 2203 ni mmoja wao.