Miaka 9 Goma, miaka 7 Gisenyi: pensheni ya mama aliyetumika katika inchi mbili

Kati yetu wako wengi waliotumika pande zote mbili za mpaka. Mmoja alifundisha Goma, kisha akapata kazi Gisenyi. Mwingine alikuwa muuguzi Uvira, kisha Bujumbura. Wakifika miaka ya kupumzika, ofisi ya upande wa kwanza inawaambia: "Mama, miezi yako haitoshi." Upande wa pili wanasikia maneno yale yale. Wanapewa feza kidogo mara moja tu, wanatia sahihi, na mambo yanaishia pale. Ni wachache wanaoambiwa mbele ya kutia sahihi kwamba miezi ya pande mbili inaweza kuunganishwa.

Mapatano juu ya jambo hilo si mapya. Mwaka wa 1978 inchi tatu za Jumuiya ya Kiuchumi ya Maziwa Makuu, ile tunayoita CEPGL, yaani Rwanda, Burundi na Kongo yetu iliyoitwa Zaire wakati ule, zilitia sahihi mapatano ya jumla juu ya ulinzi wa jamii kwa wafanyakazi. Vita vilivyofuata viliipunguzia jumuiya hiyo nguvu, na mapatano yakasahauliwa na watu wengi, hata na wengine wanaokaa nyuma ya madirisha ya ofisi. Kwa hiyo usishangae ukipaswa kuyataja wewe mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja. Alitumika Goma miaka 9, na kila mwezi michango yake ililipwa katika kesi ya taifa, ile ambayo leo inaitwa CNSS na ambayo wazee wanaijua kwa jina la INSS. Hiyo ni miezi 108. Kisha alivuka, akafundisha Gisenyi miaka 7, na michango yake ikaingia katika kesi ya Rwanda, RSSB. Hiyo ni miezi 84. Kongo inadai miezi 180 ya michango ili mtu apate pensheni ya kila mwezi, na Rwanda pia inadai miezi 180. Kila inchi ikihesabu peke yake, mama huyu anakosa kotekote. Lakini 108 na 84 ni 192. Mapatano yanasema ni hesabu hiyo ya pamoja inayofungua mlango, na mlango unafunguka katika inchi zote mbili.

Hapa wengi wanadhani kesi moja itachukua feza za kesi nyingine na kulipa zote. Sivyo. Michango inabaki mahali ilipolipwa. Kinachovuka mpaka ni hesabu ya miezi tu. Kila kesi inajiuliza kwanza: kama mama huyu angetumika miezi yote 192 kwetu, tungemlipa ngapi? Kisha inalipa tu sehemu inayolingana na miezi aliyotumika kweli katika inchi ile.

Tuhesabu upande wa Rwanda. Tuseme mshahara wake wa katikati huko ulikuwa franga 200,000 za Rwanda. Kanuni yao ni kwamba miezi 180 inampa mtu asilimia 30 ya mshahara huo, na kila miezi 12 inayozidi inaongeza asilimia 2. Kwa miezi 192 inakuwa asilimia 32, ni kusema franga 64,000. Lakini hakutumika Rwanda miezi 192, alitumika 84. Kwa hiyo wanachukua 64,000, wanazidisha kwa 84, wanagawanya kwa 192, na inabaki franga 28,000 kila mwezi. Kongo inafanya vile vile kwa kanuni zake na kwa mishahara ya Goma, inalipa sehemu 108 kati ya 192, yaani zaidi kidogo ya nusu. Mama anapata pensheni mbili ndogo, kila moja kutoka inchi yake.

Utasema: 28,000 ni nini? Tuilinganishe na ile feza ya mara moja. Kama kesi inampa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa michango, kwa miaka 7 atapata franga 1,400,000. Ukiziona mezani ni nyingi, zinaezeka nyumba. Lakini 28,000 kila mwezi zinaifikia hesabu hiyo katika miezi 50, miaka 4 na kidogo, na zinaendelea kuja mpaka siku ya kufa. Mwenye miaka 60 na afya nzuri anaweza kuishi miaka 15 tena. Lililo baya zaidi ni kwamba ukikubali feza ya mara moja, kwa kawaida miezi ile inafutwa, haihesabiwe tena. Mwalimu wetu akichukua ile ya Rwanda, anabaki na 108 peke yake, na pensheni ya Kongo nayo inapotea. Sisemi kila mama aikatae. Mgonjwa mwenye deni la hospitali anajua haja yake. Lakini aulize kwanza, kalamu ikiwa bado mezani.

Ombi linapelekwa kwa kesi ya inchi unamoishi. Mwambie mtumishi waziwazi kwamba ulitumika pia katika inchi ya pili, umpe namba yako ya huko, na umuombe miezi iunganishwe kwa mapatano ya CEPGL. Kesi hiyo ndiyo inaandikia ile nyingine kuuliza hesabu yako. Omba karatasi yenye muhuri na tarehe inayoonyesha kwamba ombi limepokelewa, maana majibu kati ya ofisi mbili yanaweza kukawia sana.

Kinachokwamisha zaidi ni majina. Katika Kongo mtu anaandikwa kwa majina matatu, ngambo wanaandika mawili, na pengine umeongeza jina la bwana. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Tafuta hati inayothibitisha kwamba ni mtu mmoja mbele ya kuanza. Shida ya pili ni patro aliyekata michango kwenye mshahara bila kuilipa. Katika Kongo asilimia 5 inakatwa kwako juu ya pensheni, na patro anaongeza asilimia 5. Kukatwa si kulipwa. Usingoje miaka 60: omba kwa kesi hesabu ya miezi yako sasa, uilinganishe na karatasi za mshahara. Kama mwaka mzima haupo, patro akingali hai na kazi ikingali wazi ni rahisi zaidi kumdai. Na mwezi ambao ulilipiwa pande zote mbili unahesabiwa mara moja tu.

Mapatano haya hayamfikii mama anayevuka na kapu la nyanya, kwa sababu ni ya waliolipiwa michango. Hayafike Uganda pia. Kule NSSF ni akiba yako mwenyewe, unarudishiwa yote pamoja na faida, haina miezi ya kuunganisha na ya Kongo.

Mjane naye ana haki ya kuomba miezi ya marehemu bwana wake iunganishwe, juu yake na juu ya watoto. Aende na namba za bwana za pande zote mbili, hati ya kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hati ya ndoa iliyoandikishwa kwa serikali. Karatasi ya kanisa peke yake ofisi haiipokee.