Vocha ya saa 24 iliyodumu siku nane

Barabara ya Mbezi–Malambamawili–Kinyerezi–Banana imeiunganisha Kinyerezi na upande wa uwanja wa ndege, na gesti na migahawa midogo ya pembeni mwa jiji hupata wageni ambao swali lao la kwanza ni la waifai. Mwenye biashara akitoa nywila moja kwa wote, baada ya wiki inajulikana mtaa mzima. Ndiyo maana wengi wanahamia kwenye vocha: mgeni anaunganisha simu, ukurasa unafunguka, anaandika namba aliyopewa kaunta.

Ruta inayotumika sana kwa kazi hii ni MikroTik, na hata ile ndogo ya hAP lite ina uwezo huo ndani yake. Leseni yake ya daraja la nne inaruhusu wateja 200 kwa wakati mmoja, idadi ambayo gesti ya mtaani haiwezi kuifikia. Kinachoisha mapema ni kasi ya laini.

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba kumi yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Saa tatu usiku, kila mgeni akiwa na simu na mwingine na kompyuta, vifaa vinaweza kufika 20. Bila kikomo, mgeni mmoja anayepakua filamu anaweza kuimeza karibu laini yote. Tenga megabiti 2 kwa ajili ya kaunta, zinabaki 18. Ukikipa kila kifaa megabiti 3 za kushusha, zinazotosha video ya ubora wa wastani, vifaa sita vinaweza kuvuta kwa nguvu zao zote pamoja. Vingine kumi na vinne vinasomewa ujumbe au vimewekwa mezani, kwa hiyo mgao huo unakaa sawa kwa muda mwingi.

Katika ruta, mpangilio huo ni mistari miwili:

```
/ip hotspot user profile add name=siku rate-limit=1M/3M shared-users=1
/ip hotspot user add name=k7m4x profile=siku limit-uptime=1d
```

Kwenye `rate-limit`, namba ya kwanza ni ya kupandisha na ya pili ni ya kushusha. Ukizigeuza, mgeni atalalamika kuwa video hazichezi ilhali picha anazituma haraka. `shared-users=1` inazuia vocha moja kutumika kwenye simu mbili. Mgeni akiona maneno `no more sessions are allowed for user`, kuna kifaa kingine bado kiko ndani kwa namba ileile. Kikizimwa, kwa mpangilio wa kawaida ruta hukiondoa ndani ya dakika mbili hivi, na mgeni anaweza kujaribu tena.

Pesa hupotea kwenye mstari wa pili. `limit-uptime=1d` huhesabu saa ambazo mgeni yuko hewani tu. Anayeingia kwa muda wa saa tatu kila usiku kisha akatoka ataitumia vocha ya saa 24 kwa siku nane. Kama laini inagharimu shilingi 100,000 kwa mwezi na vocha ya siku inauzwa shilingi 1,000, unahitaji kuuza vocha 100 ili urudishe gharama, yaani nne kwa siku katika siku 25. Mteja mmoja wa siku nane amekunyima mauzo saba.

Dawa ni vocha inayokufa kwa kalenda, saa 24 tangu ilipoingizwa mara ya kwanza. Mikhmon, programu ya bure iliyotengenezwa Indonesia, huchapa vocha na kuiwekea ruta ratiba ya kuzifuta. Ratiba hiyo inategemea saa ya ruta, nayo ruta ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, tarehe inaweza kurudi nyuma na vocha zilizokwisha zikaendelea kuishi. Kwa hiyo washa NTP, ruta ichukue saa kutoka kwenye mtandao kila inapowaka, na uhakikishe majira yamewekwa `Africa/Dar_es_Salaam`.

Kuuza intaneti si sawa na kuitumia. Kabla ya kubandika bei ukutani, soma mkataba wa kampuni inayokupa laini na uulize TCRA kama huduma yako inahitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010.

Wageni wakilalamika kuwa mtandao ni mzito, usikimbilie kulipia laini kubwa. Tazama saa tatu usiku jumla inayopita kwenye laini. Ikigusa megabiti 18 kila siku, laini imekuwa ndogo kweli. Ikiwa inapita nusu tu na chumba cha mwisho bado kinateseka, tatizo ni kuta za tofali kati yake na ruta, na kifaa cha pili cha kurusha waifai katikati ya korido kitakusaidia zaidi ya kupandisha kifurushi.