Filamu Inaporudi Kijijini: Ukumbi, Maswali na Usalama wa Walioonekana

Filamu ya makala inapokamilika, mara nyingi huonyeshwa kwanza mbali na mahali ilipopigwa. Watazamaji wa mbali huitazama, hupiga makofi, kisha hurudi makwao. Inapoonyeshwa kijijini mambo hubadilika, kwa sababu aliyeketi mstari wa pili huenda ni jirani wa mtu anayeonekana kwenye turubai, na kesho yake watakutana kisimani. Ndiyo maana onyesho la kijamii huhitaji mpango wake, tofauti na ule wa sinema ya mjini.

Makala haya yanaeleza mpango huo kwa kutumia mfano wa filamu ya The Letter, iliyoongozwa na Maia Lekow na Christopher King na kutolewa mwaka wa 2019. Filamu hiyo inahusu kijana anayerudi nyumbani Rabai, Kaunti ya Kilifi, baada ya kusikia kwamba nyanya yake anashutumiwa kuwa mchawi na watu wa familia yake mwenyewe. Kenya iliiwasilisha kuwania tuzo za Oskari za mwaka wa 2021. Hali inayoelezwa humo haijaisha. Katika ukanda wa Pwani, wazee wameuawa au kufukuzwa makwao kwa shutuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pana mzozo wa shamba. Onyesho lililopangwa vibaya linaweza kumwongezea mzee hatari badala ya kumpunguzia. Saa, siku na ukubwa wa ukumbi vinavyotajwa hapa chini ni vya kuonyesha jinsi mpango unavyofanya kazi.

Walioonekana hutazama kwanza

Kazi huanza wiki tatu kabla ya siku ya onyesho, nyumbani kwa walioonekana kwenye filamu. Mwandaaji huenda na tarakilishi ndogo na spika, na kuwaonyesha filamu yote wakiwa na jamaa wanaowaamini. Fomu waliyotia sahihi wakati wa kupigwa picha iliruhusu filamu itengenezwe na isambazwe. Haikuwauliza kama wako tayari kutazamwa na shemeji, mhubiri na mwenye duka la kijijini, wote wakiwa chumba kimoja.

Kila mmoja huulizwa mambo matatu, akiwa peke yake. Je, anakubali filamu ionyeshwe hapa? Je, kuna sehemu ambayo ikionekana hapa itamletea shida? Je, siku hiyo angependa kuwepo, na akiwepo angependa kutambulishwa? Filamu iliyokamilika ni vigumu kuikata upya, lakini waongozaji wakikubali, onyesho linaweza kuruka sehemu moja, kuhamishiwa wadi jirani, au kuahirishwa hadi kesi ya ardhi iliyoko mahakamani iamuliwe. Mzee akisema hapana, mwandaaji asimtume mjukuu kumbembeleza. Na akisema ndiyo huku akiwatazama wanawe kabla ya kujibu, afadhali aulizwe tena siku nyingine.

Ukumbi usio wa upande wowote

Wengi hufikiria uwanja wa wazi usiku, turubai likiwa limefungwa kati ya miembe miwili. Kwa filamu ya michezo au kilimo, hilo halina neno. Kwa filamu hii lina kasoro mbili. Kwanza, umati wa uwanjani hauhesabiki, na mtu aliyelewa anaweza kuingia wakati wowote. Pili, wazee watalazimika kurudi nyumbani gizani baada ya watu kuzungumzia uchawi kwa saa nzima. Kwa hiyo mpango huu unachagua ukumbi wa kijamii, alasiri.

Mahali penyewe pasiwe na upande. Filamu hii inagusa mvutano kati ya imani ya kanisa na mila, hivyo kanisani hapafai, na uwanja wa kaya haufai pia. Ofisi ya chifu huenda ndipo mzozo wa mpaka ulipoamuliwa, na aliyeshindwa hatazungumza humo. Boma la aliyeonekana kwenye filamu halifai kabisa, kwa kuwa kila mgeni ataondoka akiijua njia ya kwenda kwake.

Ukumbi wa viti 120 uandaliwe kwa watu 100, ili pabaki njia katikati na nafasi ya viti vya magurudumu. Madirisha yanayopokea jua la alasiri hufunikwa kwa shuka nzito au karatasi nyeusi ya nailoni, na yale ya upande wa kivuli huachwa wazi kidogo, la sivyo joto la mabati litawatoa watu nje kabla filamu haijafika nusu. Picha ya upana wa mita 3 huonekana vizuri hadi umbali wa mita 18 hivi. Jenereta, ikihitajika, hukaa nyuma ya jengo, mbali na madirisha, ili moshi na kelele visiingie ndani. Siku moja kabla, mtu mmoja huketi mstari wa mwisho na kusikiliza dakika tano za mazungumzo. Kama hapati maneno, spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watu walioketi. Hili ni muhimu zaidi kwa wazee wasiosoma maandishi ya tafsiri chini ya picha.

Kuhusu vibali, mwenye haki za filamu hutoa ruhusa ya maandishi, na filamu iwe imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, ili ijulikane watoto wa umri gani wanaweza kuingia. Kwa mkutano wa hadhara, Sheria ya Utulivu wa Umma humtaka mwandaaji kumwarifu msimamizi wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Chifu na wazee wa mtaa huarifiwa pia, lakini wao si wenyeji wa shughuli.

Maswali yasiyowasha moto

Filamu huanza saa nane na nusu na huchukua karibu saa moja na nusu. Baada ya mapumziko ya dakika kumi na chai, mjadala huchukua dakika 45, na kabla ya saa kumi na moja na nusu kila mtu yuko njiani kurudi nyumbani.

Anayeongoza mjadala awe mtu anayejua lugha ya nyumbani, asiye mwanasiasa wala jamaa wa familia iliyoonekana. Kabla ya filamu kuanza, yeye hutangaza kanuni mbili. Simu hazirekodi, kwa kuwa kipande cha sekunde thelathini kikisambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp hakibebi hadithi nzima. Na katika mjadala, hakuna anayetaja jina la mtu wa kijiji hiki ambaye hayumo kwenye filamu.

Swali ambalo halipaswi kuulizwa ni kama uchawi upo. Ukumbi utagawanyika mara moja, kila upande utaleta ushahidi, na ushahidi wa kijijini huwa ni jina la mtu. Maswali yanayofaa huanza na kilichoonekana, kisha husogea polepole kuelekea nyumbani:

1. Katika filamu, shutuma ilianzia kwa nani, na ilimfikia mjukuu kwa njia gani?
2. Ni nani angefaidika kama nyanya angehama?
3. Ni nani katika familia alijua lakini akanyamaza? Kilimzuia nini?
4. Mjukuu alifanya nini ambacho wengine hawakufanya?
5. Mzee wa hapa akipokea maneno kama hayo leo, amwendee nani kwanza, na mtu huyo atafanya nini kabla ya jua kuzama?

Swali la pili ndilo huwatoa watu kwenye hofu na kuwapeleka kwenye ardhi, jambo linaloweza kupimwa na kuamuliwa. Swali la tano lisiishie kwa jibu la "serikali". Mwongozaji huuliza ni ofisi gani, ni nani humo, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Watu wakigawanywa katika makundi ya wanawake wazee, vijana na wanaume kwa dakika 20 za kwanza, wale ambao hunyamaza mbele ya umati hupata nafasi.

Mjadala ukianza kuharibika, dalili zake huonekana mapema: wasemaji huacha kusema "yule kwenye filamu" na kuanza kusema "hata hapa kuna mmoja". Hapo mwongozaji hukatiza kwa adabu, hurudia kanuni, na kurudi kwenye swali la kwanza. Akishindwa mara ya pili, hufunga mjadala.

Baada ya viti kukunjwa

Sehemu inayosahaulika zaidi ni ufuatiliaji. Mpango humteua mtu mmoja, si kamati, ambaye walioonekana kwenye filamu wana namba yake ya simu na anaipokea. Yeye huwatembelea ndani ya siku mbili, kisha baada ya wiki moja, mwezi mmoja na miezi mitatu. Nauli yake na pesa za simu huwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu zikisubiri kinachobaki baada ya onyesho, kwa kawaida hakibaki kitu.

Katika ziara hizo huangaliwa mambo yanayoonekana kwa macho. Je, mzee bado anaenda kwenye chama na mazishini kama zamani? Je, wajukuu wanatukanwa shuleni? Je, alama ya mpaka wa shamba imesogezwa? Je, jamaa wanamdai sehemu ya "mamilioni ya filamu"? Dai hili la mwisho huzuka karibu kila mahali. Dawa yake ni waongozaji kueleza wazi ukumbini, kwa kibali cha familia, kama kuna malipo yaliyotolewa au la. Familia pia huachiwa nakala ya filamu iliyo yao.

Tishio la kweli likitokea, hatua huchukuliwa siku hiyo hiyo. Kituo cha polisi hupewa taarifa na mzee husindikizwa kwenda kuandikisha, asiachwe aende peke yake. Nambari 999 ni ya dharura, na 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia bila malipo. Katika Kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma huko Ganze imekuwa ikiwapa hifadhi wazee waliokimbia makwao, lakini kumhamisha mzee huwa ni hatua ya mwisho. Akihama, aliyetaka shamba amepata alichotaka.

Mkazi au kikundi kinachotaka kuonyesha filamu ya makala kiende kwanza kwa msimamizi wa wadi kuulizia ukumbi, kikiwa na vitu vitatu mkononi: ruhusa ya mwenye filamu, jina la atakayeongoza mjadala, na jina la atakayewatembelea walioonekana. Kama jina hilo la tatu bado halijapatikana, tarehe ya onyesho isitangazwe.