Jarida la Shule Kwenye Kitochi

Jarida la muhula la shule ya msingi huwa na mengi: salamu za mwalimu mkuu, picha ya timu ya netiboli, jedwali la matokeo, shairi la mwanafunzi wa darasa la sita, na mahali fulani katikati ya ukurasa wa tatu, tarehe ya kikao cha wazazi. Nakala huwekwa kwenye begi la mtoto. Nyingine hufika nyumbani, nyingine hugeuka karatasi ya kufungia karanga. Ndiyo maana shule nyingi sasa zinataka habari hizohizo zifike pia kwenye simu ya mzazi, ikiwemo ile ya vitufe isiyo na intaneti, ambayo watu wameizoea kwa jina la kitochi.

Mara nyingi kazi hiyo hupewa katibu wa shule au mwalimu mmoja mwenye kompyuta. Hufungua jarida kwenye Word, hunakili aya nzima, huibandika kwenye ukurasa wa kampuni inayouza SMS za mkupuo, kisha hubonyeza kutuma. Siku ya pili salio limekwisha kuliko alivyokadiria, na wazazi wanapiga simu kuuliza kikao ni saa ngapi.

Kosa la kwanza hapo ni la uchaguzi. Jarida husomwa kwa kutulia. Meseji husomwa mtu akiwa sokoni au kwenye daladala. Kabla ya kugusa simu, mwandishi huchapa jarida lote, huchukua kalamu na kupiga mstari chini ya kila jambo linalomtaka mzazi afanye kitu: aje, alipe, amchukue mtoto, ajaze fomu. Kila mstari wa namna hiyo unazaa ujumbe mmoja. Salamu, picha, shairi na pongezi hubaki kwenye karatasi. Kwa kawaida kurasa nne hutoa meseji tatu au nne tu, nazo hazitumwi siku moja. Kila moja hungoja wakati wake.

Tuchukue mfano wa sentensi ya aina inayopatikana karibu kila jarida:

"Uongozi wa shule unapenda kuwataarifu wazazi na walezi wote kuwa kikao cha wazazi cha muhula wa kwanza kitafanyika siku ya Jumamosi tarehe 30 Mei katika bwalo la shule kuanzia saa 3:00 asubuhi, ambapo pamoja na mambo mengine yatajadiliwa matokeo ya wanafunzi na suala la chakula."

Ukihesabu herufi, nafasi na alama zote, sentensi hii ina 279. Siku ya kikao haijatajwa mpaka herufi zaidi ya 120 zimeshapita. Kinachoijaza ni adabu ya barua za ofisi: uongozi unapenda, kuwataarifu, kitafanyika siku ya, pamoja na mambo mengine. Kwenye karatasi maneno hayo hayamuudhi mtu. Kwenye meseji yanalipiwa. Sentensi ileile ikivuliwa joho inakuwa hivi:

```
Kikao cha wazazi ni Jumamosi 30 Mei, saa 3 asubuhi, bwalo la shule. Tutajadili matokeo ya muhula na chakula cha watoto.
```

Hizo ni herufi 119. Hakuna habari iliyopotea, na jambo lenyewe limetangulia. Mwandishi hakufupisha maneno kwa mtindo wa vijana wa kuandika "cku" badala ya siku. Bibi anayemlea mjukuu angeshindwa kuusoma. Alichofupisha ni mzunguko wa sentensi.

Namba ya kuzingatia ni 160. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakipanga mfumo wa simu wa GSM, aliandika sentensi za kawaida kwa taipureta na kuhesabu herufi zake. Aliona kuwa 160 zinatosha kwa habari nyingi za watu. Nafasi iliyotengwa kwenye mtandao ilikuwa baiti 140, na kwa kuwa kila herufi ya alfabeti ya GSM huchukua biti saba badala ya nane, baiti hizo hubeba herufi 160 kamili.

Ujumbe ukizidi hapo haukataliwi. Unakatwa vipande, na kila kipande hubeba maelezo madogo ya kuiambia simu jinsi ya kuviunga tena. Maelezo hayo yanakula nafasi, kwa hiyo kila kipande hubaki na herufi 153. Herufi 161 ni vipande viwili, na kampuni hutoza viwili. Sentensi ya jarida yenye herufi 279 ingelipiwa mara mbili kwa kila mzazi. Ile ya 119 mara moja.

Lakini kuna mtego mwingine, na Kiswahili huukanyaga mara kwa mara. Tazama tangazo hili la basi:

```
Basi la watoto wa ng'ambo ya mto halitapita Alhamisi 4 Juni kwa sababu ya matengenezo ya daraja. Siku hiyo watoto waletwe na wazazi wao.
```

Lina herufi 136, ambazo zinaenea vizuri katika SMS moja. Likiandikwa kwenye Word, hata hivyo, programu hubadilisha yenyewe ile ritifaa iliyonyooka katika "ng'ambo" na kuweka iliyopinda, ili ipendeze kwenye karatasi. Ritifaa iliyopinda haimo katika alfabeti ya GSM. Alama moja tu ya nje ikiingia, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine ambao kila herufi huchukua biti kumi na sita. Hapo SMS moja hubeba herufi 70, na zikiunganishwa, kila kipande hubeba 67. Vipande viwili ni 134. Tangazo letu lina 136, basi limekuwa vipande vitatu.

Kwa shule yenye wazazi 450, inayolipa tuseme shilingi 20 kwa kila SMS, tangazo hilo lingegharimu shilingi 9,000. Kwa sababu ya ritifaa moja litagharimu 27,000. Ng'ombe, ng'oa, ng'aa na majina kama Ng'wandu yote hubeba hatari hiyo, sawa na vistari virefu, nukta nene za orodha, alama za kunukuu zilizopinda na vikaragosi vya tabasamu.

Dalili yake huonekana mapema kwa anayeangalia. Karibu na sehemu ya kuandikia ujumbe, simu na kurasa nyingi za kutumia SMS huonyesha herufi zilizobaki; namba ikiporomoka ghafla kwa sababu umebandika neno moja, kuna alama ya nje imeingia. Dawa rahisi ni kuandika meseji kwenye Notepad badala ya Word. Kama meseji ziko tayari kwenye jedwali la Excel, fomula hii hurudisha ritifaa iliyonyooka, na ya pili huhesabu herufi:

```
=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'")
=LEN(B2)
```

Jedwali lenyewe nalo huleta kosa lake. Shule hupenda kila mzazi aone jina la mtoto wake, hivyo mfumo huwekewa sehemu ya kujaza jina. Chukua ujumbe wa mchango:

```
Mchango wa chakula ni Sh 20,000. Lipa kwa namba iliyo kwenye fomu ya shule kabla ya 30 Mei. Shule haitumi namba mpya ya malipo kwa SMS.
```

Ni herufi 135. Ukitanguliza "Mzazi wa", jina, nukta mbili na nafasi, zinabaki herufi 14 za jina. Asha Juma anaenea. Emmanuel Christopher ana herufi 20, na ujumbe wake unageuka vipande viwili. Mwandishi mzoefu hupima ujumbe kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha, au hutumia jina la kwanza peke yake.

Sentensi ya mwisho ya ujumbe huo haikuwekwa kwa kujaza nafasi. Wazazi wamekwisha kuzoea meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", na meseji ya shule yenye namba ngeni ya malipo hufanana nazo mno. Afadhali namba ya malipo ibaki kwenye fomu yenye muhuri, na SMS imwelekeze mzazi huko. Jina la mtumaji pia lina mipaka: likiwa la herufi badala ya namba ya simu, haliwezi kuzidi herufi 11, na kwa kawaida mzazi hawezi kulijibu. Kuandika "jibu NDIYO kama utakuja" chini ya jina kama hilo ni kumpa mzazi kazi isiyowezekana. Anayetaka majibu huandika ndani ya ujumbe namba ya kupiga.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Jarida likiandika 9:00, mzazi mmoja atasoma saa tatu asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, mwingine atakuja saa tisa alasiri na kukuta bwalo limefungwa. "Saa 3 asubuhi" haina utata kwa msomaji wa Kiswahili. Neno "kesho" nalo ni la kukwepa. Simu iliyozimika chaji Ijumaa ikiwashwa Jumamosi hupokea "kikao ni kesho", na mzazi anajiandaa kwa Jumapili. Siku na tarehe zikiandikwa zote mbili, moja husahihisha nyingine.

Shule zenye wazazi wengi wa WhatsApp hutumia orodha ya matangazo ya programu hiyo, ambayo hufikisha ujumbe kwa kila mtu faraghani bila kelele za kundi. Kikomo chake ni watu 256 kwa orodha moja, na hufika tu kwa aliyehifadhi namba ya shule kwenye simu yake. Mzazi asiyeihifadhi hapati kitu, wala mtumaji haonyeshwi onyo lolote. Kwa hiyo namba hiyo huchapwa kwenye jarida la karatasi, pamoja na ombi la kuihifadhi. Matokeo ya mtoto mmojammoja hayana nafasi katika orodha hiyo: kinachotumwa kwa wote kiwe kile ambacho wote wanaruhusiwa kukijua.

Kabla ya kutuma kwa wote, meseji hutumwa kwanza kwa simu tatu: kitochi, simu janja ya kawaida, na simu ya mtu ambaye hakushiriki kuandaa jarida. Huyo wa tatu huulizwa maswali mawili tu, afanye nini na lini. Akilazimika kusoma mara ya pili ili ajibu, ujumbe hurudi kwa mwandishi, na orodha ya wazazi 450 hungoja.