Karata Tano za Penzi la Kufutia Machozi

Mtu aliyeachwa majuzi na tayari ana mpenzi mpya akifika kwa msomaji wa taroti, mara nyingi huuliza: "Huyu ananipenda kweli?" Msomaji mzuri halipokei swali hilo. Karata zimechanganywa na mikono ya muulizaji, na yule bwana hayupo mezani. Kinachoweza kuzungumzwa ni moyo wa aliyeketi hapo. Je, amempenda huyu mpya, au anaukimbia msiba wa yule wa zamani?

Taroti ina karata 78. Ilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na mambo ya kutazamia yakaenea kutoka Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Picha zinazotumika zaidi leo zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Karata 22 ni kuu, na 56 zimegawanywa katika vikombe, panga, fimbo na sarafu. Mcheza karata wa pwani atawaona ndugu zao katika kopa, shupaza, pau na uru. Kwa wasomaji, vikombe ni hisia, panga ni mawazo na maumivu yake, fimbo ni hamu, na sarafu ni maisha ya kila siku.

Chukua mfano wa dada aliyeachwa baada ya miaka 4 ya uchumba, na wiki 6 baadaye akawa na mtu mwingine. Anapangiwa karata tano, kila moja na swali lake: jeraha likoje, anatafuta nini kwa huyu mpya, kipi anachokihisi, kipi anachokikwepa, na afanye nini sasa.

Ya kwanza inatoka Tano ya Vikombe. Mtu aliyejifunika joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vilivyosimama viko nyuma yake. Matanga hayajaanuliwa. Ya pili ni Mpanda Farasi wa Vikombe, anayekuja polepole ameshika kikombe mkononi. Hapa msomaji anauliza jambo gumu: siku ile angekuja mwingine na kikombe kama hicho, usingekipokea? Dada akinyamaza, asiharakishwe. Kimya chake kina maana kuliko picha.

Ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Ni Mbili ya Vikombe, mwanamume na mwanamke wakipeana vikombe uso kwa uso. Dada anatabasamu, na msomaji wa kubabaisha angefunga kazi hapo. Lakini ya nne ni Mbili ya Panga: mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, panga mbili zimepishana kifuani, na bahari iko mgongoni mwake. Maji katika taroti husomwa kama hisia, na huyu ameyapa kisogo.

Je, karata hizi mbili zinapingana? Sioni hivyo. Mtu anaweza kumpenda mpya kwa dhati na papo hapo akamtumia ili asimlilie wa zamani. Msomaji anayelazimisha jibu moja ameharibu kazi. Tena haraka peke yake si ushahidi wa kukwepa: utafiti wa Claudia Brumbaugh na Chris Fraley, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba walioanza mapenzi mapya mapema walikuwa na hali bora ya kisaikolojia, si mbaya zaidi.

Dalili ya kukwepa huonekana katika maelezo ya mwenyewe. Anamweleza mpya kwa kumlinganisha tu: huyu hafokei, huyu anajibu simu. Hawezi kukaa peke yake jioni moja. Anataka yule wa zamani apate habari. Lakini akitaja mambo ya huyu bwana yasiyomhusu wa zamani hata kidogo, hapo kuna hisia.

Karata ya tano ni Nne ya Panga, shujaa amelala mikono kifuani. Si amri ya kuachana. Kwa dada huyu ilisomwa hivi: asihamie kwa bwana wala kupanga posa kwa sasa, na ajipe jioni za kulia bila shahidi.

Wengine wangeona pia kwamba hakuna sarafu hata moja, wakasema penzi hili halina maisha ya kawaida. Wasikazie sana. Ukitoa karata tano, zaidi ya mara moja katika kila tatu sarafu hazitokei kwa bahati tu.

Kosa kubwa huja nyumbani: Mbili ya Panga haikumpendeza, basi anachanganya tena na tena hadi litoke Jua. Huko nako ni kukwepa. Ukitandaza, andika karata na majibu yako, weka tarehe, ufungie boksi. Baada ya mwezi yasome yale majibu kabla ya kugusa karata nyingine, na kama bado unamweleza bwana wako kwa kumtaja aliyekuacha, mwambie ukweli huo yeye mwenyewe.