Robert, Shaaban au Shaaban Robert?

Maktaba huanza na jina la ukoo ili orodha ipangike kwa alfabeti: Robert, Shaaban; Kezilahabi, Euphrase; Abdulla, Muhammed Said. Katika katalogi hakuna ubaya. Shida huja pale orodha hiyohiyo inapotakiwa kwenye bango la maonyesho ya vitabu, maana hakuna msomaji anayemjua mtu aitwaye Robert Shaaban.

Majina kumi unaweza kuyaandika upya kwa mkono. Yakifika mia tano, iachie Excel kazi hiyo. Tuseme majina yako safu ya A, kuanzia seli A2. Bofya B2, uandike:

```
=TRIM(MID(A2,FIND(",",A2)+1,LEN(A2)))&" "&TRIM(LEFT(A2,FIND(",",A2)-1))
```

Inatisha kuitazama, lakini inafanya jambo moja tu: kutafuta mkato. Katika "Robert, Shaaban", FIND inaukuta mkato ukiwa herufi ya saba. LEFT inachukua herufi sita za kabla yake, yaani Robert, na MID inachukua kila kilichobaki baada yake. TRIM inafuta nafasi iliyoachwa mbele ya Shaaban, kisha alama ya & inaunganisha vipande viwili kwa mpangilio mpya. Muhammed Said Abdulla naye hutoka salama, kwa sababu majina yake mawili ya mwanzo yote yako upande mmoja wa mkato. Kompyuta yako ikiikataa fomula, jaribu kuweka nukta mkato badala ya mikato inayotenganisha sehemu zake. Baadhi ya mipangilio ya lugha hutaka hivyo. Ule ulio ndani ya alama za kunukuu usiuguse.

Pasipo na mkato, utaona #VALUE!. Hilo si baya, kwani kosa linajitangaza lenyewe. Ninaloliogopa mimi ni lile linalokaa kimya. "King, Martin Luther, Jr." ina mikato miwili, na fomula hukata kwenye wa kwanza: inatoka "Martin Luther, Jr. King", bila onyo lolote. Kwa hiyo kabla ya kugeuza chochote, hesabu mikato katika safu ya C:

```
=LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,",",""))
```

Hapa urefu wa jina unapunguzwa urefu wa jina hilohilo likiwa limeondolewa mikato. Jibu likiwa 1, endelea. Likiwa 0 au 2, jina hilo lisome kwa macho na ulirekebishe mwenyewe. Hakuna fomula itakayojua kama "Said" peke yake ni jina la mtu au la babaye.

Ukimaliza, usikimbilie kufuta safu ya A. Nakili safu ya B, kisha uibandike palepale kama thamani tu. Ukifuta A kabla ya hapo, majina yote yatageuka #REF!.