Msongamano wa mnara wa simu

Msongamano wa mnara wa simu ni hali inayotokea pale watu wengi wanaohudumiwa na mnara mmoja wanapotumia intaneti kwa wakati mmoja, hivyo kila mmoja hupata sehemu ndogo ya uwezo wa mnara na kasi yake hushuka. Hali hii huwasumbua hasa wenye ruta zinazotumia laini ya simu, kwa sababu ruta hukaa mahali pamoja na hutegemea mnara uleule kila siku. Dalili yake kuu ni intaneti inayokwenda vizuri alfajiri na kukwama jioni, ingawa vistari vya mtandao kwenye ruta vimejaa.

Mwenye ruta hawezi kuondoa msongamano wenyewe. Anaweza kufanya mambo mawili tu: kuiwezesha ruta kubeba data nyingi zaidi katika ile sehemu ndogo inayopewa, au kuihamishia kwenye bendi au mnara wenye watumiaji wachache. Kubadilisha mahali pa ruta, kuchagua bendi na kufunga antena ya nje ni njia za kufikia mojawapo ya mambo hayo.

## Jinsi mnara unavyogawa uwezo wake

Kwa kawaida mnara wa 4G huwa na antena zinazoelekea pande tatu, na kila upande huweza kuwa na bendi kadhaa za masafa. Upande mmoja katika bendi moja huitwa seli. Kila seli ina upana maalumu wa masafa ambao hukatwa vipande vidogo: seli yenye upana wa megahezi 10 ina vipande 50, na yenye megahezi 20 ina vipande 100. Katika kila milisekunde moja, mnara huamua ni nani apewe vipande vipi. Watumiaji wakiwa wachache, ruta moja inaweza kupewa karibu vipande vyote; wakiwa wengi, hupewa vichache na kusubiri zamu.

Kiasi cha data kinachoingia katika kila kipande hutegemea usafi wa mawimbi. Mawimbi yakiwa yamechafuliwa, kila alama ya redio hubeba biti 2 tu, na nyingi kati yake hutumika kusahihisha makosa. Mawimbi yakiwa safi, alama hiyohiyo hubeba biti 6, na katika vifaa vipya biti 8. Kwa hiyo majirani wawili waliopewa vipande sawa wanaweza kupishana kasi mara nne au zaidi. Hii ndiyo sababu antena nzuri husaidia hata mnara ukiwa umejaa: haiongezi vipande, bali huongeza mzigo unaobebwa na kila kipande.

Bendi nazo hutofautiana. Katika Afrika Mashariki huduma ya 4G hutolewa kwa masafa kadhaa, yakiwemo ya megahezi 800 (bendi 20) na megahezi 1800 (bendi 3). Masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta kwa urahisi, hivyo seli moja huhudumia eneo kubwa lenye watu wengi. Masafa ya juu hupungua nguvu upesi zaidi, lakini mara nyingi hupewa upana mkubwa na huwa na watumiaji wachache wa mbali. Ruta iliyowekwa ndani ya nyumba mara nyingi huishia kwenye bendi ya chini kwa kuwa ndiyo inayosikika vizuri, na huko ndiko kwenye foleni.

## Kutambua tatizo

Si kila ruta inayokwenda polepole ina tatizo la mnara. Kipimo cha kwanza hufanywa kwa kuunganisha kompyuta kwenye ruta kwa kebo. Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya kwa Waifai, tatizo liko ndani ya nyumba. Kasi ikiwa ndogo kwa kiwango kilekile saa zote, usiku na mchana, huenda ni bando lililopunguzwa kasi baada ya kufikia kikomo chake.

Kipimo cha pili ni kulinganisha saa. Kasi hupimwa saa 11 alfajiri na saa 2 usiku, kwa siku tatu au nne, ruta ikiwa mahali palepale. Muda wa majibu nao hupimwa kwa amri hii katika kompyuta ya Windows:

```
ping -n 20 8.8.8.8
```

Majibu yanayorudi kwa milisekunde 40 alfajiri na 300 usiku, huku mengine yakipotea, ni dalili ya foleni. Wakati wa kipimo hiki vifaa vingine vya nyumbani visiwe vinapakua kitu, maana navyo hutengeneza foleni yao.

Kipimo cha tatu ni kusoma ukurasa wa hali ya mtandao ndani ya ruta, unaofunguliwa kwa anwani iliyoandikwa chini ya ruta, kwa mfano `192.168.8.1`. Namba tatu ndizo muhimu:

* `RSRP` ni nguvu ya mawimbi. Namba ya −85 dBm ni nzuri, na −110 dBm ni dhaifu.
* `SINR` ni usafi wa mawimbi. Zaidi ya 15 dB ni nzuri. Chini ya 5 dB ni mbaya.
* `RSRQ` ni ubora wa mawimbi ukilinganishwa na kelele zote zilizopo. Hushuka seli na jirani zake zinapofanya kazi nyingi.

Msongamano hujulikana pale `RSRP` inapobaki ileile mchana na usiku, lakini `RSRQ` na kasi vinashuka jioni. Kama `RSRP` yenyewe ni dhaifu saa zote, tatizo la kwanza ni mawimbi kutofika.

Ukurasa huo pia huonyesha namba ya seli, `Cell ID`. Katika 4G, namba hiyo ikigawanywa kwa 256, jibu zima ni namba ya mnara na kinachobaki ni namba ya seli. Kwa mfano, 25612547 ni mnara 100049, seli ya 3. Hivyo mtumiaji anaweza kujua kama ruta imehamia mnara mwingine au imebadilisha seli tu.

## Mahali pa ruta

Ukuta wa zege lenye nondo, paa la bati na vioo vyenye rangi ya chuma huzuia mawimbi kwa kiasi kikubwa. Ruta inayowekwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma hupoteza zaidi. Mahali pazuri kwa kawaida ni karibu na dirisha la upande wa mnara, juu kadiri inavyowezekana lakini chini ya usawa wa bati.

Ruta husogezwa hatua kwa hatua, ikiachwa dakika mbili kila mahali kabla ya kusoma namba. Kigezo cha kuchagua ni `SINR`, si wingi wa vistari, kwa sababu vistari huonyesha nguvu tu. Kusogea nusu mita kunaweza kubadilisha namba kwa desibeli kadhaa.

## Kuchagua bendi

Ruta nyingi huruhusu kuchagua bendi katika mipangilio yake. Nyingine huhitaji programu ya simu. Bendi hujaribiwa moja baada ya nyingine, na jaribio lenye maana ni la saa 2 usiku. Bendi yenye `RSRP` dhaifu inaweza kushinda ile yenye nguvu ikiwa haina watu wengi.

Kuna tahadhari moja. Ruta zenye uwezo wa kuunganisha bendi mbili kwa pamoja hupoteza faida hiyo zikifungiwa bendi moja. Pia bendi iliyochaguliwa ikizimwa kwa matengenezo, ruta hukosa mtandao kabisa hadi mpangilio urudishwe kuwa wa kujichagulia.

## Antena ya nje

Antena ya nje huinuliwa juu ya paa na kuelekezwa upande wa mnara. Kwa kuwa 4G hutumia njia mbili za mawimbi kwa pamoja, antena inayofaa huwa na vipokezi viwili vilivyopishana kama alama ya X, na kebo mbili zinazoingia katika matundu mawili ya ruta. Kuunganisha kebo moja tu kunaweza kuharibu njia ya pili na kupunguza kasi badala ya kuiongeza.

Kosa la kawaida ni kebo ndefu na nyembamba. Kebo ya aina ya RG58 hupoteza takriban desibeli 7 kwa kila mita 10 katika masafa ya megahezi 1800, na hizo ni karibu faida yote ya antena ya desibeli 9. Kebo nene ya daraja la LMR-400 hupoteza takriban desibeli 2 kwa urefu huohuo. Njia nyingine ni kutumia ruta ya nje, ambayo antena na ruta viko pamoja juu ya mlingoti, na kinachoshuka ni kebo ya mtandao ambayo inaweza kufika mita 100 bila hasara hiyo. Mlingoti wowote wa chuma unahitaji waya wa kutuliza radi ardhini.

## Mfano

Jedwali hili linaonyesha hesabu ya kubuni ya nyumba ya matofali yenye paa la bati, kilomita mbili kutoka kwenye mnara. Vipimo vyote ni vya saa 2 usiku.

| Hali ya ruta | Bendi | `RSRP` | `SINR` | Kasi kwa sekunde |
|---|---|---|---|---|
| Nyuma ya televisheni | 20 | −84 dBm | 3 dB | megabiti 1.8 |
| Dirishani | 20 | −78 dBm | 6 dB | megabiti 2.7 |
| Dirishani | 3 | −99 dBm | 8 dB | megabiti 9 |
| Antena ya nje, kebo nene | 3 | −88 dBm | 16 dB | megabiti 19 |
| Antena ya nje, kebo nene | 20 | −70 dBm | 9 dB | megabiti 4 |

Bendi 20 ina nguvu kuliko bendi 3 katika kila hali, lakini hata ikiwa na antena haifiki megabiti 5, kwa kuwa vipande vyake vimegawanywa kwa watu wengi mno. Badiliko kubwa la kwanza lilikuja kwa kuhama bendi, tena bila gharama. Antena ilizaa matunda baada ya hapo, kwa kusafisha mawimbi ya bendi yenye nafasi.

## Mipaka

Wakati mwingine kinachojaa si seli bali njia inayounganisha mnara na mtandao mkuu. Hapo `SINR` huwa nzuri, lakini bendi zote za mnara huo hukwama pamoja kila jioni. Antena haisaidii isipokuwa ikielekezwa kwenye mnara mwingine. La sivyo hubaki kubadilisha kampuni, na laini ya kampuni nyingine inaweza kujaribiwa kwenye simu saa 2 usiku kabla ya kununua kifaa chochote.

Vikuza mawimbi vinavyopokea na kurusha upya mawimbi ya simu haviondoi msongamano. Huweza pia kuuvuruga mnara kwa watumiaji wengine, na katika nchi nyingi haviruhusiwi kutumika bila kibali.